Mizani Chini ya Mtungi wa Gesi

Geji ya presha inayofungwa kwenye regulata haikuambii gesi imebaki kiasi gani. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama kimiminika, na mvuke ulio juu yake ndio unaopita mpirani kwenda jikoni. Maadamu kimiminika kipo, hata kikiwa kidogo, presha haibadiliki isipokuwa kwa joto na baridi. Ikianza kushuka moja kwa moja, kimiminika kimekwisha na wali una kiini. Kinachopungua kila unapopika ni uzito, basi huo ndio wa kupima.

Kihisi cha uzito ni kipande cha aluminiamu kilichobandikwa nyuzi nyembamba za metali. Kikielemewa hujipinda kidogo mno, nyuzi huvutika au kubanwa, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Badiliko hilo ni la milivolti chache tu, kwa hiyo kibao cha HX711 hulikuza na kuligeuza namba. Ili namba hiyo iwe kilo, weka juu ya mizani maji ya lita 10, ambayo ni takriban kilo 10, na ukumbuke kutoa uzito wa ndoo.

Tuseme una mtungi wa kilo 6, na shingoni umegongwa uzito wa mtungi mtupu, kilo 7.4. Mizani ikisoma 9.2, baada ya kutoa uzito wa regulata, umebakiwa na kilo 1.8. Kwa nyumba inayotumia gramu 200 kwa siku, hizo ni siku tisa. Kengele iliyopangwa kulia gramu 600 zikibaki inakupa siku tatu za kutafuta hela. Lakini dukani mitungi hubadilishwa. Ukipewa wenye 7.9 na usiingize namba mpya, kifaa kitaona nusu kilo isiyokuwepo, na kengele italia zimebaki gramu 100, yaani nusu siku.

Jambo la pili linalosumbua ni kwamba mtungi haushuki mizanini kwa wiki nzima. Metali iliyoelemewa muda mrefu hulegea polepole, na joto la mchana husogeza namba tofauti na usiku. Tazama namba za usiku, jiko likiwa limezimwa: zikipanda na kushuka, anayeyumba ni kihisi. Ndiyo maana ni bora kusoma uzito saa ileile kila alfajiri, na mpira ulegee usiuvute mtungi. Kwa sababu hiyohiyo kifaa hiki hakifai kutegemewa kugundua uvujaji. Povu la sabuni kwenye viungio bado ndilo kipimo.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda sakafuni, palepale penye mizani. Chini kibaki kihisi na waya wake tu. Betri, chaja na swichi vifungwe juu ukutani, mbali na mtungi.