Mlango wa Kioo Bafuni: Pima Kwanza

Pima uwazi baada ya vigae kubandikwa, kwa sababu kigae na gundi yake hula zaidi ya sentimita moja kila upande. Pima chini, katikati na juu. Tuseme umepata milimita 764, 760 na 757: fuata 757, kisha tafuta mlango ambao boksi lake linaonyesha unarekebishika, mfano, kati ya 720 na 760.

Sasa tazama choo. Kikiwa nusu mita tu mbele, mlango wa kufunguka kwa nje utakigonga. Chukua wa kukunja, unaojikunjia ndani. Kioo kisichofunguka hapa hakifai: lazima kiache njia ya sentimita 50 hivi, na kinachobaki hakizuii maji.