Wasifu Wako Haukuliwa na Kompyuta

Watafuta kazi wengi wameambiwa kwamba kompyuta hutupa asilimia 75 ya wasifu kabla mtu hajausoma. Takwimu hiyo haina utafiti wowote nyuma yake. Ilienezwa na kampuni ya Marekani iliyouza huduma ya kurekebisha wasifu.

Tuseme nafasi moja ya mhasibu imeletewa maombi 400. Programu hunakili majina, vyeo na miaka kutoka kwenye wasifu na kuyahifadhi. Kinachoweza kumwondoa mtu papo hapo ni swali la fomu, kama “Una CPA?”, na sharti hilo huwekwa na mwajiri mwenyewe. Ukijibu hapana, barua ya kukukataa inaweza kufika usiku huohuo, nawe ukadhani wasifu wako umehukumiwa.

Waliobaki hupangwa kwa tarehe au kwa kulingana na tangazo. Ofisa ajira huanza juu, na akipata kumi wa kuwaita kwenye usaili, mara nyingi huishia hapo. Wa 230 hakukataliwa, hakufikiwa. Ndiyo maana kuomba mapema, na kuandika “usuluhishi wa hesabu za benki” kama tangazo lilivyosema, kunasaidia kuliko kununua wasifu wa “kuishinda kompyuta”.