Malalamiko ya maji kwa mwenye nyumba: barua pepe inayojibika

Barua pepe ya kumlalamikia mwenye nyumba kuhusu maji hupata nguvu yake kabla haijaandikwa, pale mpangaji anapojua maji yanakwama wapi. Bomba la jikoni likikauka, sababu inaweza kuwa barabarani au ndani ya geti. Inaweza kuwa ni mgao wa mamlaka ya maji, ambao mwenye nyumba hana uwezo nao. Inaweza pia kuwa pampu iliyoharibika, tanki dogo, bili isiyolipwa, au umeme wa Luku wa nyumba uliokwisha bila mtu kuongeza. Barua inayochanganya mambo haya humpa mwenye nyumba jibu rahisi kwamba tatizo ni la jiji zima, na mazungumzo huishia hapo.

Jijini Dar es Salaam jibu hilo mara nyingine ni la kweli. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu, na Oktoba 2022, maji ya mto yalipopungua kwa ukame, mgao ulitangazwa rasmi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpangaji ni kutenganisha mgao na uzembe, na kipimo chake hakihitaji fundi. Koki iliyo karibu kabisa na mita hufunguliwa siku ambayo bomba za ndani zimekauka. Ikitoa maji, maana yake maji yamefika kwenye kiwanja na kinachozuia kiko ndani ya nyumba. Ikiwa kavu, jirani wa pande zote mbili huulizwa. Wao wakiwa na maji, kuna uwezekano nyumba hiyo imekatiwa huduma au bomba lake limeziba. Wao pia wakikosa, huo ni mgao au hitilafu ya mtaa mzima.

Hata hivyo, mgao haumwondolei mwenye nyumba wajibu wote. Nyumba ya kupanga iliyo katika eneo la mgao inahitaji akiba inayotosha kuwafikisha wapangaji hadi zamu inayofuata, na hilo ni suala la hesabu. Uchukuliwe mfano wa nyumba ya Tabata yenye familia sita, jumla ya watu 24. Maji hufika mara mbili kwa wiki, alfajiri ya Jumanne na alfajiri ya Ijumaa. Huingia kwanza kwenye pipa la lita 200 lililo chini, kisha pampu huyapandisha kwenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara. Kila mtu akitumia lita 50 kwa siku kwa kupika, kuoga, kufua na choo, nyumba inahitaji lita 1,200 kila siku. Simtanki lililojaa alfajiri ya Jumanne linakwisha Jumatano mchana, na Alhamisi hakuna kitu. Likijaa Ijumaa linakwisha Jumamosi, na Jumapili na Jumatatu ni siku kavu. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne, yaani lita 4,800. Nyumba ina chini ya nusu ya akiba inayoihitaji, na itaendelea kukauka siku tatu kila wiki hata kama mgao utafuata ratiba bila kukosea.

Hesabu hii ndiyo moyo wa barua, kwa sababu inageuza kilio kuwa tatizo lenye ukubwa unaojulikana na dawa inayonunulika. Kinachobaki ni daftari. Kwa wiki tatu au nne mpangaji huandika kila siku kavu, kama koki ya mita ilikuwa na maji, na kiasi cha fedha alichotumia kununua maji ya madumu. Wauza maji wa mkokoteni hawatoi risiti, kwa hiyo maandishi ya siku ileile, au ujumbe wa malipo ya simu, ndio ushahidi uliopo. Siku ambazo maji yalikatika saa chache tu ni bora zisihesabiwe. Hesabu iliyobanwa haivunjwi kwa urahisi, ilhali anayeandika kwamba maji hukosekana kila siku huangushwa na siku moja tu ambayo tanki lilijaa.

Barua ya mpangaji mmoja wa nyumba hiyo ya mfano, iliyotumwa Jumatatu tarehe 30 Machi, ingesomeka hivi:

Yah: Kukosekana kwa maji nyumba ya Tabata, 3 hadi 29 Machi

Shikamoo Mzee. Natumaini wewe na familia mnaendelea vizuri.

Naandika kuhusu maji katika nyumba yako ya Tabata, ambako napanga upande namba 4. Kati ya siku 27 kuanzia tarehe 3 hadi 29 Machi, bomba za ndani zilikauka kutwa nzima kwa siku 13. Siku hizo ni tarehe 5, 8, 9, 12, 15, 16, 17, 18, 19, 22, 23, 26 na 29.

Siku 11 kati ya hizo zilitokana na akiba kuwa ndogo. Maji ya mtaa huja Jumanne na Ijumaa alfajiri, na simtanki la lita 2,000 linatosha familia sita kwa chini ya siku mbili. Siku mbili, tarehe 17 na 18, zina sababu nyingine. Alfajiri ya tarehe 17 koki ya mita ilikuwa na maji na majirani walijaza matanki yao, lakini pampu haikuwashwa kwa sababu msimamizi alikuwa amesafiri na chumba cha pampu kilikuwa kimefungwa. Nilimpigia msimamizi kuhusu maji tarehe 9 na tarehe 18 Machi.

Kipengele cha 6 cha mkataba wetu kinasema huduma ya maji ni jukumu la mwenye nyumba, na mchango wangu wa bili ya maji nimelipa hadi Machi. Katika siku hizo 13 nimenunua madumu matano kila siku kwa shilingi 500 moja, jumla shilingi 32,500.

Naomba mambo matatu. Kwanza, ufunguo wa chumba cha pampu uachwe kwa mpangaji mmoja msimamizi anaposafiri, kuanzia Jumamosi tarehe 4 Aprili. Pili, pipa la chini libadilishwe na kuwekwa simtanki la lita 3,000, ili akiba yote ifike lita 5,000. Naomba nijulishwe kabla ya tarehe 11 Aprili kazi hiyo itafanyika lini. Tatu, tuzungumze namna ya kufidia gharama ya maji niliyonunua, kwa mfano kwa kuipunguza kwenye michango ya bili ijayo.

Nimeambatisha picha za kurasa za daftari na picha ya koki ya mita ya tarehe 17. Niko tayari kukutana nawe nyumbani Jumamosi yoyote.

Wako mpangaji, upande namba 4.

Salamu ya mwanzo si pambo. Mwenye nyumba wengi ni watu wazima, na barua isiyo na shikamoo husomwa kama ugomvi kabla ya kufika kwenye hoja. Baada ya salamu, barua haina neno hata moja linalohukumu tabia. Haisemi mwenye nyumba hajali, wala msimamizi ni mzembe. Inasema pampu haikuwashwa na chumba kilikuwa kimefungwa. Msomaji anaweza kukana kwamba hajali, lakini hawezi kukana kwamba mlango ulifungwa wakati picha inaonyesha koki ya mita ikitiririka alfajiri hiyohiyo. Ukali wote wa barua uko kwenye tarehe.

Maombi nayo yamepangwa kuanzia lisilo na gharama. Kuacha ufunguo ni jambo la siku moja, na mwenye nyumba akilikubali amekwisha kukiri kwamba kuna tatizo. Ombi la tanki limezingatia ujenzi. Lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5, na mnara uliojengwa kubeba tani 2 haufai kuongezewa mzigo, ndiyo maana barua inaomba tanki jipya likae chini. Inafaa pia kupima kama maji ya alfajiri yanatosha kujaza. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja kwenye koki ya mita, hizo ni lita 1,200 kwa saa, na lita 5,000 zitahitaji zaidi ya saa nne. Mgao ukiwa wa saa mbili tu, tanki kubwa halitajaa, na mpangaji aliyeomba bila kupima atakuwa amemtia mwenzake gharama isiyoleta maji.

Kuna kosa ambalo wapangaji wengi hulifanya kwa hasira, nalo ni kutishia kutolipa kodi. Dar es Salaam kodi hulipwa mara nyingi kwa miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima mbele, kwa hiyo tishio hilo halina uzito kwa sasa. Likitekelezwa baadaye, humfanya mpangaji kuwa ndiye aliyevunja mkataba. Kuomba punguzo kwa maandishi, likiwa na hesabu yake, ni njia salama zaidi. Sheria pia haina haja ya kutajwa katika barua ya kwanza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye kupangisha nyumba ya kuishi aidumishe katika hali ya kufaa kukaliwa, lakini kipengele cha mkataba ambacho pande zote mbili zilikisaini kinamgusa msomaji kwa karibu zaidi. Mkataba usipotaja maji, hapo sheria huchukua nafasi hiyo.

Kwa kuwa mwenye nyumba wengi hawafungui barua pepe kila siku, ujumbe mfupi wa simu wa kumjulisha kwamba barua imetumwa unafaa, bila kurudia malalamiko yenyewe. Barua yenyewe ibaki kwenye barua pepe, ambako tarehe, saa na viambatisho vinahifadhika pamoja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali mawasiliano ya namna hiyo kuwa ushahidi. Wapangaji wenzake wakiwa na madaftari yao, kila mmoja aandike ya kwake au wote watie majina katika barua moja, mradi tarehe zilinganishwe kwanza, maana barua mbili zinazopingana huharibiana.

Siku ya mwisho iliyotajwa ikipita kimya, barua ya pili huwa ya mistari minne tu. Hutaja tarehe ya barua ya kwanza na kuiambatisha, huongeza siku kavu zilizofuata, na huweka muda mpya wa siku saba. Baada ya hapo shauri hupelekwa ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mwenyekiti huwaita wote wawili. Likishindikana, huenda kwa usuluhishi wa Baraza la Kata, na mwisho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye uwezo wa kutoa uamuzi. Katika kila hatua mpangaji ataulizwa lini maji yalikosekana na lini alimwarifu mwenye nyumba, na majibu yote mawili yatakuwa kwenye barua ya tarehe 30 Machi.