Uso Uliopinduliwa: Kutambua Kejeli katika Ujumbe wa Marafiki

Uso wa njano uliopinduliwa kichwa chini, 🙃, ni alama ambayo mara nyingi humwonya msomaji asiyachukue maneno yaliyoandikwa kama yalivyo. Kwa umbo ni uso wa kawaida wa tabasamu dogo, 🙂, isipokuwa macho yako chini na mdomo uko juu. Uliingizwa mwaka 2015 katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama zinazotumiwa na simu na kompyuta, na namba yake humo ni U+1F643. Uso wa tabasamu wenyewe ulikuwa umetangulia mwaka mmoja kabla, 2014. Jina rasmi la alama hii linaeleza umbo lake tu. Halisemi kama ni ya furaha, ya hasira au ya mzaha. Maana yake imejengwa na watumiaji wenyewe, na ndiyo sababu haifanani kwa watu wote wala kwa rika zote.

Haja ya alama kama hii ni ya zamani kuliko simu. Mtu anapozungumza ana kwa ana, kejeli hubebwa na sauti: neno linavutwa, nyusi zinapanda, kicheko kinabanwa. Katika maandishi vyote hivyo hupotea. Mwaka 1668 Mwingereza John Wilkins alipendekeza alama ya mshangao iliyogeuzwa juu chini, ¡, iwekwe kwenye sentensi zenye kinaya. Pendekezo lake halikushika. Lililoshika ni la Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Tarehe 19 Septemba 1982 aliwashauri wenzake waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta watie :-) penye mzaha, kwa sababu masihara yalikuwa yakichukuliwa kwa uzito na kuzua mabishano. Kwa hiyo tabasamu la kuandika kwa herufi lilianza kazi likiwa onyo la utani, kabla halijawa ishara ya furaha.

Ugumu wa jambo hili ulipimwa na Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005. Watu walipewa kauli za kupeleka kwa wenzao, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, kwa sauti au kwa barua pepe. Waandishi waliamini kwamba wangeeleweka kwa sehemu kubwa. Kwa sauti imani hiyo haikuwa mbali na ukweli. Kwa maandishi, wasomaji walipatia zaidi kidogo tu ya nusu, yaani karibu sawa na mtu anayebahatisha. Maelezo ya watafiti yanastahili kukumbukwa: anayeandika husikia sauti yake mwenyewe kichwani wakati anaandika, na ni vigumu kwake kuamini kwamba msomaji haisikii. Wasomaji nao walijiamini kupita kiasi. Pande zote mbili, basi, zinaweza kukosea huku kila mmoja akiwa na uhakika.

Hapo ndipo 🙃 inapoingia, na ni muhimu kuelewa inachosema na isichokisema. Inasema kwamba kuna kitu katika sentensi kimegeuzwa. Haisemi kinamlenga nani. Matumizi yake ya kawaida kabisa hayamgusi msomaji hata kidogo: mwandishi anaicheka hali yake mwenyewe. "Umeme umekatika, na kazi nilikuwa sijaihifadhi 🙃" ni malalamiko yaliyovikwa tabasamu, na anayeyapokea anatakiwa kumpa mwenzake pole. Matumizi ya pili yanamlenga mtu wa tatu au jambo la nje, kama basi lililochelewa au mkutano usiokwisha. Ya tatu ndiyo yanayomlenga msomaji mwenyewe: "Asante kwa kunialika 🙃", anayeambiwa akiwa ndiye aliyefanya sherehe bila kumwalika mwandishi. Hapa kuna lawama halisi ndani ya mzaha, na jibu la kicheko peke yake litamuumiza aliyeandika. Wapo pia wanaoitumia kwa furaha ya kitoto tu, kama mtu anayesimama kwa mikono kwa sababu amefurahi. Mtu wa namna hii hujulikana kwa mazoea yake: anaiweka hata kwenye habari njema ambazo hakuna awezaye kuzigeuza maana.

Alama hii haifanyi kazi peke yake. Katika ujumbe wa Kiswahili kejeli huonekana zaidi katika maneno kuliko katika picha, na dalili iliyo wazi kuliko zote ni heshima iliyozidi kiwango cha uhusiano. Marafiki wa rika moja waliozoea kuitana kwa majina, mmoja akaanza ghafla kumwita mwenzake "mheshimiwa" au "bosi", kuna jambo. Vivyo hivyo "shikamoo" inayoelekezwa kwa mtu wa rika moja. Inaweza kuwa sifa ya kweli kwa aliyefanya jambo kubwa, na inaweza kuwa kijembe kwa aliyepotea muda mrefu bila kupokea simu. Kinachoamua ni tukio lililotangulia. Sifa iliyopita kipimo ni dalili nyingine: mtu aliyechelewa saa mbili akiambiwa "kweli wewe ni mfano wa kuigwa", maneno ni makubwa mno kwa tendo lenyewe. Kuvuta vokali, kama "hongeraaa", hakutegemeki, kwa kuwa mapenzi na kejeli vyote huandikwa hivyo. Nukta nayo ina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Danielle Gunraj na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton ulionyesha kwamba jibu la neno moja lenye nukta mwishoni lilionekana kuwa na unyofu mdogo kuliko lile lisilo na nukta. Hata hivyo walioshiriki walikuwa wanafunzi wa chuo, mzazi anayeandika "Sawa." kwa kawaida anafuata tu kanuni alizofundishwa shuleni, na kumshuku ni kumwonea.

Wasemaji wa Kiswahili hawakuanza kusoma maana iliyofichwa walipopata simu. Katika Pwani ya Afrika Mashariki, maandishi ya kanga na mafumbo ya taarabu yamebeba vijembe kwa vizazi. Jina hutajwa mara chache sana. Mlengwa hujulikana kwa sababu wanaosoma au wanaosikia wanakijua kisa. Kejeli ya simu inafuata utaratibu huo huo. Msingi wake ni pengo kati ya maneno yaliyoandikwa na ukweli ambao pande zote mbili zinaujua. Uso uliopinduliwa kazi yake ni kumwambia msomaji alitafute pengo hilo. Asipokijua kisa, alama haimsaidii.

Mfano wa michango ya harusi unaonyesha hilo vizuri. Chukua mhazini wa kamati anayemwandikia rafiki yake Jumatatu asubuhi: "Asante sana ndugu yangu kwa mchango, umefika salama 🙃". Mhazini anajua kwamba hakuna fedha iliyofika. Anaamini rafiki naye anajua, kwa hiyo kwake kejeli iko wazi kama mchana. Lakini rafiki alituma shilingi 50,000 siku ya Ijumaa. Kwake maneno yanalingana kabisa na anavyoujua ukweli: ametuma, ameshukuriwa. Pengo halipo machoni pake, na ule uso anauona kuwa furaha ya kawaida. Anajibu, "Karibu sana, tuko pamoja." Mhazini anaposoma jibu hilo anaona amedharauliwa. Katika ujumbe mbili tu, watu wawili wema wameanza kukasirikiana, na hakuna aliyesema uongo.

Dalili zilikuwepo, ila zilihitaji kusomwa kwa utulivu. Mhazini anayethibitisha mchango kwa dhati hutaja kiasi, na mara nyingi hutaja jumla iliyofikiwa. Ujumbe huu haukuwa na tarakimu hata moja. Wengine waliochangia walikuwa wameorodheshwa kwenye kundi la kamati, na jina la rafiki huyu halikuwamo. Tena mhazini huyu hakuwa na kawaida ya kutia alama yoyote kwenye mambo ya fedha. Kila dalili ikiwa peke yake ni ndogo. Zikiwa tatu kwa pamoja, zinatosha kumfanya msomaji asimame kabla ya kujibu.

Jibu ambalo lingeokoa siku ni swali fupi linaloweka ukweli mezani: "Umefika kweli, au ni kijembe? Mimi nilituma Ijumaa jioni." Swali hili halimshutumu mtu, na linampa mhazini kitu asichokuwa nacho, yaani habari kwamba fedha zilitumwa. Hatua inayofuata ni kufungua ujumbe wa muamala. Humo huenda wakakuta tarakimu moja ya namba imekosewa, na fedha zimekwenda kwa mtu mwingine. Hapo wanabaki na tatizo la kushughulikiwa kwa mtandao wa simu, badala ya ugomvi. Kuuliza hivyo kunamgharimu msomaji aibu ndogo ya kuonekana hakuuelewa mzaha. Gharama hiyo ni nafuu mno ikilinganishwa na kununiana hadi siku ya harusi.

Upande wa anayeandika una wajibu mzito zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua nia yake. Kabla ya kutuma kejeli, anapaswa kuhakikisha kwamba msomaji anaujua ukweli unaogeuzwa. Kama hana hakika, ujumbe wa sauti ni bora, kwa sababu unarudisha mvuto wa neno na kicheko kilichopotea. Alama ya /s, inayoandikwa na baadhi ya watu mtandaoni mwisho wa sentensi kutangaza kejeli, ni wazi kwa wanaoijua tu. Kwa wengi itaonekana kuwa kosa la kuchapa. Katika kundi lenye watu wa rika na mikoa mbalimbali kejeli ni hatari zaidi, maana kila anayeingia huleta ukweli wake. Mambo ya fedha, miadi na ugonjwa yaandikwe kwa maneno manyoofu kwanza, na utani ufuate baadaye.

Kuna ujumbe mmoja ambao haupaswi kupitwa haraka: "Niko sawa 🙃", hasa kutoka kwa mtu aliyefiwa, aliyeachishwa kazi au anayeuguza. Mara nyingi uso huo unakanusha neno "sawa", na mwandishi ameuweka kwa kuwa kusema wazi kumemshinda. Anayeupokea asijibu kwa alama ya kicheko wala asichambue maana yake. Ampigie simu siku hiyo hiyo.