"Sawa" Isiyo Ukubali: Ridhaa na Ulinzi wa Washiriki Watoto katika Utafiti wa Mawasiliano ya Vijana Jijini Nairobi

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ridhaa inavyopatikana, na inavyokosekana, mtafiti wa lugha anapowahoji watoto. Hoja kuu ni kwamba kutoa ridhaa ni tendo la mawasiliano, nalo hutawaliwa na kanuni zile zile za heshima, umri na mamlaka ambazo mtafiti amekuja kuzichunguza. Kwa hiyo, neno "sawa" kinywani mwa mtoto haliwezi kuchukuliwa kuwa ukubali kabla ya kupimwa. Kwa kutumia mfano wa kubuni wa usaili kuhusu Sheng katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, makala inaonyesha jinsi ya kupima ufahamu wa mtoto, jinsi ya kukabili taarifa ya madhara inapojitokeza katikati ya usaili, na sababu ya kuondoa jina pekee kutotosha kumficha msemaji.

1. Utangulizi

Tafiti za Sheng na za misimbo mingine ya vijana zina mvuto mkubwa kwa wanaisimujamii wa Afrika Mashariki. Wazungumzaji wenye umilisi mkubwa wa misimbo hii mara nyingi hawajafikia umri wa miaka 18, ambao ndio mpaka wa utoto katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 na katika Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022. Mtafiti asiyewahoji hukosa data bora, ilhali anayewahoji huingia katika uhusiano ambao upande mmoja una umri, elimu na kinasasauti, na upande mwingine una maneno tu.

Katika tasnifu na ripoti nyingi, suala hili humalizwa kwa sentensi moja: kwamba washiriki walitia sahihi fomu ya ridhaa. Sentensi hiyo haielezi fomu ilisomwa kwa lugha gani, ilisomwa na nani, wala mtoto alielewa nini. Mambo hayo matatu ndiyo yanayojadiliwa hapa.

2. Idhini, ridhaa na ukubali

Kiswahili kina maneno yanayowezesha kutofautisha matendo ambayo mara nyingi huchanganywa. *Idhini* hutolewa na mwenye mamlaka juu ya mtu au mahali: mzazi, mlezi au mkuu wa shule. *Ridhaa* hutolewa na mtu mzima kwa nafsi yake. *Ukubali* hutolewa na mtoto, ambaye kisheria hawezi kujiamulia peke yake lakini ana haki ya kusikilizwa katika jambo linalomhusu, kama kinavyoeleza kifungu cha 12 cha Mkataba wa 1989. Mgawanyo huu unatumika katika makala yote.

Nchini Kenya, kibali cha utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI) humruhusu mtafiti kuendesha utafiti wake. Hakimpi idhini ya mzazi. Kadhalika, mkuu wa shule anapomfungulia mtafiti lango huwa ametoa idhini ya kuingia shuleni tu. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka mambo mawili kwa pamoja kabla ya data binafsi ya mtoto kushughulikiwa: ridhaa ya mzazi au mlezi, na namna ya ushughulikiaji inayolinda na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Sauti iliyorekodiwa ya mtoto anayetambulika ni data ya aina hiyo.

Taratibu hizi hazifanani katika nchi jirani. Mwongozo wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda wa 2014, kwa mfano, unamtambua kijana aliye chini ya umri wa utu uzima lakini anayejikimu mwenyewe, aliyeoa au kuolewa, mwenye mtoto au mwenye mimba, kuwa anaweza kujitolea ridhaa. Hivyo, itifaki iliyopitishwa Kampala kwa ajili ya vijana wanaochuuza mitaani haiwezi kuhamishiwa Nairobi bila kuandikwa upya, hata kama maswali ya usaili ni yale yale.

3. Pragmatiki ya "sawa"

Mtoto aliyelelewa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki hufunzwa mapema kwamba mkubwa hakataliwi ana kwa ana. Akiitwa, huitika. Akiagizwa, husema "sawa" au "ndiyo". Katika muktadha huo "ndiyo" humaanisha "nimekusikia", na huenda isimaanishe "nimetaka". Ukataaji wa mtoto huja kwa njia ya pembeni: "labda kesho", "nimuulize mama kwanza", "sijui", au kimya huku akitazama chini. Mtafiti anayengoja neno "hapana" ndipo aache kuhoji anangoja neno ambalo adabu imelizuia.

Hali huwa nzito zaidi shuleni, ambako mgeni mwenye kalamu na karatasi huitwa "mwalimu" kabla hajajitambulisha. Fomu inayosomwa kwa Kiswahili cha kiofisi huongeza uzito huo. Sentensi kama "ushiriki wako ni wa hiari na unaweza kujiondoa wakati wowote bila kuathirika" ni sahihi kisarufi, lakini mtoto wa miaka 15 huipokea kama matangazo ya gwaride.

Swali "umeelewa?" haliondoi tatizo, kwa kuwa jibu lake la adabu ni lile lile "ndiyo". Kinachofaa ni kumwomba mtoto arudishe maelezo kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Sheng, kupitia maswali machache yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: Nani atasikia sauti hii? Ukichoka katikati utafanya nini? Kitatokea nini ukisema hutaki? Mtoto akijibu swali la pili kwa kusema "nitavumilia mpaka tumalize", au la tatu kwa kusema "mwalimu atauliza kwa nini", ukubali haujapatikana, hata kama sahihi imekwisha kutiwa. Maelezo hurudiwa kwa lugha nyepesi. Majibu yakibaki hivyo, mtoto hushukuriwa na kuachwa aende zake.

4. Mfano wa usaili mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti anakusanya msamiati wa Sheng unaohusu fedha na mahusiano. Mshiriki ni msichana wa miaka 15, mwanafunzi wa shule ya kutwa mashariki mwa Nairobi, anayeishi na shangazi yake. Shangazi hasomi kwa urahisi. Mtafiti anamtembelea nyumbani siku mbili kabla ya usaili na kumweleza kwa mdomo mbele ya shahidi ambaye shangazi amemchagua mwenyewe. Mada ya mahusiano inatajwa waziwazi, kwani idhini iliyotolewa kwa "utafiti wa lugha" pekee ingekuwa imeficha jambo ambalo mlezi angependa kulijua. Siku hizo mbili zinampa msichana nafasi ya kukataa kupitia shangazi, njia ambayo ni nyepesi kuliko kumkatalia mgeni usoni.

Usaili unafanyika kwenye benchi uani, mahali ambapo shangazi anawaona lakini hasikii maneno. Kabla ya swali la kwanza, msichana anaonyeshwa kitufe cha kusimamisha kinasasauti na kuombwa akibonyeze mara mbili kwa majaribio. Kusimamisha kunakuwa tendo alilokwisha kulifanya mbele ya mkubwa bila kukemewa. Anaambiwa pia mpaka wa siri: "Utakayosema sitamwambia shangazi wala mwalimu. Lakini ukiniambia kuwa kuna mtu anakuumiza wewe au mtoto mwingine, sitaweza kunyamaza. Tutazungumza kwanza mimi na wewe juu ya nani wa kumwambia."

Katika dakika ya ishirini msichana anafafanua neno wanalotumia kumtaja mwendesha bodaboda anayewapa wasichana nauli na chakula "ili wawe wake". Anaongeza: "Kuna rafiki yangu iko na mmoja." Sauti yake inashuka na majibu yanayofuata yanakuwa mafupi.

Hapa maslahi ya data na maslahi ya mtoto yanaachana njia. Neno hilo ni adimu na mtafiti angetamani mifano zaidi. Hata hivyo, "rafiki" katika masimulizi ya aina hii huenda akawa msemaji mwenyewe, na uhusiano unaodokezwa huenda ukawa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mtafiti anasimamisha kinasasauti. Haulizi majina wala undani, kwa sababu yeye si mpelelezi, na maswali yake yanaweza kumuumiza mtoto na kuvuruga ushahidi. Anamkumbusha msichana ahadi ya mwanzo, anamuuliza kama yeye au rafiki yake yuko salama leo, na wanakubaliana nani ataarifiwa. Hapo ndipo inapohitajika orodha iliyoandaliwa kabla ya kwenda uwandani: afisa wa watoto wa kaunti ndogo, mwalimu mshauri, na simu ya msaada kwa watoto, nambari 116. Mtafiti aliyeahidi siri kamili angelazimika ama kuvunja ahadi yake, ama kumwacha mtoto hatarini.

5. Sauti kama alama ya utambulisho

Ulinzi hauishii uwandani. Desturi ya kubadilisha jina la mshiriki hutosha katika tafiti nyingi za hojaji, ambako jibu la mmoja linafanana na la mwingine. Katika utafiti wa Sheng, kinachochunguzwa ndicho kinachomtambulisha mtu. Msamiati hutofautiana mtaa kwa mtaa na kikundi kwa kikundi, na vijana wenyewe hutambuana kwa neno moja. Unukuzi unaotaja mtaa, umri, shule ya kutwa na neno linalotumiwa na marafiki watano huwa umemtaja msichana yule kwa wenzake, hata akiitwa "Mshiriki wa 7".

Hatua tatu hupunguza hatari hiyo. Kwanza, mahali hutajwa kwa upana, kama "mashariki mwa Nairobi". Pili, dondoo za mtoto mmoja hazifuatanishwi chini ya nambari moja, ili msomaji asiweze kuziunganisha na kujenga wasifu wake. Tatu, sauti yenyewe haichezwi katika kongamano wala darasani, maana msikilizaji mmoja anayetoka mtaa huo anatosha kufichua mengi. Gharama yake ni dhahiri: uchanganuzi wa tofauti kati ya mtaa na mtaa unadhoofika. Mtafiti anapaswa kuikiri gharama hiyo katika sura ya mbinu badala ya kuifidia kwa maelezo ya ziada kuhusu mshiriki.

6. Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba sahihi kwenye fomu huthibitisha tu kwamba fomu ilifika mikononi mwa mshiriki. Ukubali wa mtoto huthibitishwa na majibu aliyoyatoa kwa maneno yake, na uwezo wake wa kusimamisha usaili akauona unasimama. Inapendekezwa kwamba ripoti za utafiti wa mawasiliano zinazohusisha watoto zieleze lugha iliyotumika kuomba ridhaa, maswali yaliyopima ufahamu, na idadi ya watoto waliokataa au waliojiondoa. Ripoti ambayo watoto wake wote walikubali na hakuna aliyejiondoa inapaswa kumfanya msomaji aulize ni kwa namna gani waliombwa.