Je, Wajua? Nomino Inaweza Kumficha Mtenda

Kiingereza cha kitaaluma hupenda kugeuza vitenzi kuwa nomino, mara nyingi kwa viambishi tamati kama -tion na -ment. Mwanaisimu Michael Halliday alionyesha mtindo huo ukifanya kazi katika Opticks, kitabu cha Isaac Newton cha mwaka 1704 kuhusu mwanga.

Faida yake ni kuunganisha hoja. Mwandishi akishaeleza kwamba mwanga hupinda unapoingia kwenye kioo, sentensi inayofuata huweza kuanza na "kupinda huku", kisha ikataja chanzo au kipimo chake bila kurudia maelezo yote.

Shida huanza pale nomino inapommeza mtu. Chukua ripoti ya majaribio ya dawa inayosema: "Uondoaji wa wagonjwa 12 ulifanyika kabla ya uchambuzi." Nani aliwaondoa, na kwa nini? Sarufi haimlazimishi mwandishi kujibu.

Kitenzi kikirudishwa, "Tuliwaondoa wagonjwa 12 kwa sababu waliacha kumeza dawa," mtenda anaonekana na msomaji anaweza kuupima uamuzi wake. Dalili ya kuangalia ni kitenzi chepesi, kama "ulifanyika", kilichobebeshwa nomino nzito.