Saplaya wa China kakutumia kredit noti na debit noti? Mweleze mhasibu wako hivi

Leo naongea na wale tunaoagiza mzigo China, tunauza mtandaoni, halafu hesabu tunampelekea mtu atuandikie. Mimi mzigo nauzia Kalenga, mhasibu yuko Iringa mjini, kwa hiyo karibu kila kitu tunaelewana kwa WhatsApp. Hapo ndipo karatasi mbili huwa zinachanganya sana: moja imeandikwa juu CREDIT NOTE, nyingine DEBIT NOTE.

Wengi wakitumiwa hizo karatasi wanamrushia mhasibu picha bila neno lolote. Mhasibu naye hajui mzigo ulifikaje, hajui nini kilivunjika, anaandika anavyoelewa. Mwisho wa mwezi daftari linasema unadaiwa na saplaya kumbe yeye ndiye anadaiwa na wewe.

Kwanza, tulielewe neno lenyewe

Kwetu mtu akichukua kitu kwa kredit maana yake kakopa. Ndiyo maana ukiona kredit noti unaweza kudhani deni limeongezeka. Ni kinyume chake.

Saplaya ana daftari lake. Ndani kuna ukurasa wenye jina lako, unaoonyesha anakudai shilingi ngapi, au tuseme dola ngapi. Akikutumia kredit noti anakwambia: "Kwenye ukurasa wako nimepunguza deni." Akikutumia debit noti anakwambia: "Kwenye ukurasa wako nimeongeza deni." Basi. Karatasi zote mbili zinaongea kutoka kwenye daftari lake yeye, siyo lako.

Ukitaka kukumbuka, fikiria meseji ya benki. Ikisema akaunti yako ni credited, umeingiziwa hela. Ikisema debited, hela imetoka. Benki nayo inaongea kutoka kwenye daftari lake.

Ila angalia jambo moja. Mhasibu wako anaandika daftari LAKO, na huko pande zinageuka. Kredit noti ya saplaya, yeye anaiandika upande wa debit kwenye ukurasa wa saplaya huyo. Kwa hiyo ukimpigia simu ukasema tu "andika kredit ya dola 48", anaweza kuiweka upande wa kredit, na deni likapanda badala ya kushuka. Usimtajie upande. Mwambie kwa Kiswahili: deni letu kwake limepungua, au limeongezeka. Upande ataujua mwenyewe, ndiyo kazi yake.

Unachosoma kwenye karatasi

Usianze na kiasi. Anza na nani kaiandika. Jina la juu likiwa la saplaya, maelezo ya hapo juu yanafaa. Ila debit noti inaweza pia kuandikwa na mnunuzi, kumwambia saplaya "nakudai kwa ajili ya mzigo mbovu". Hiyo inapunguza deni lako, haiongezi. Kichwa ni kilekile, maana ni tofauti kabisa.

Baada ya hapo tafuta namba ya invoisi inayorekebishwa. Mara nyingi imeandikwa Ref au Invoice No. Karatasi isiyotaja invoisi mrudishie saplaya aiandike upya, kwa sababu mhasibu hatajua inagusa mzigo upi.

Kisha soma sababu, idadi na bei ya kipande kimoja. Zidisha mwenyewe uone kama inafika jumla waliyoandika. Angalia na fedha: alama ya ¥ ni yuani, siyo dola.

Mwisho soma mstari wa chini kabisa, unaosema hela hiyo itaendaje. Ikisema Refund, wanakurudishia. Ikisema To be deducted from next order, hakuna hela inayokuja, utakatiwa kwenye oda ijayo. Wengi wetu tunamaliza kulipa kabla mzigo haujapakiwa, kwa hiyo huo mstari wa pili ndio tunaokutana nao zaidi.

Tupige hesabu ya mzigo mmoja

Tuseme umeagiza Yiwu chupa za chai 200 kwa dola 4 kila moja, na hotpoti 100 kwa dola 3. Chupa ni dola 800, hotpoti dola 300, invoisi jumla dola 1,100. Umelipa yote. Rahisi tuiweke dola kwa shilingi 2,500.

Mzigo umefika, unafungua unakuta chupa 12 zimepasuka kioo cha ndani. Umepiga picha na video, saplaya kakubali, katuma kredit noti: chupa 12 mara dola 4, jumla dola 48, itakatwa oda ijayo.

Siku chache baadaye anatuma debit noti. Anasema hotpoti mlikubaliana dola 3.20, kwenye invoisi karani wake kaandika 3. Unarudi kwenye chati zenu, kweli mlikubaliana 3.20. Tofauti ni senti 20 mara hotpoti 100, dola 20.

Sasa ulikuwa humdai na hakudai. Kredit noti inamfanya yeye awe na dola 48 zako. Debit noti inakufanya wewe uwe na dola 20 zake. Ukitoa, kwake una dola 28.

Meseji ya kumtumia mhasibu

Mhasibu wangu ni mtu mzima, kwa hiyo meseji inaanza kwa heshima, halafu inaenda moja kwa moja kwenye kazi:

"Shikamoo mama, za kazi? Nimekutumia karatasi mbili za saplaya wa Yiwu, zote zinahusu ile invoisi ya dola 1,100 tuliyomaliza kulipa.

Ya kwanza ni kredit noti ya dola 48. Chupa za chai 12 zimefika zimepasuka. Deni letu kwake LIMEPUNGUA kwa 48. Hela haijarudi, atatukata oda ijayo. Stoo toa chupa 12, zimebaki 188.

Ya pili ni debit noti ya dola 20. Bei ya hotpoti ilikosewa kwenye invoisi, ni 3.20 siyo 3. Deni letu kwake LIMEONGEZEKA kwa 20. Idadi ya hotpoti haijabadilika, ni 100.

Kwa hiyo hadi leo yeye ndiye ana dola 28 zetu. Naomba uandike kila karatasi peke yake, usiziunganishe. Ahsante mama."

Ona kila karatasi ina vitu vinne: ya invoisi ipi, sababu gani, deni limeenda juu au chini, na stoo imebadilika au haijabadilika. Hicho cha mwisho ndicho watu wanasahau. Kredit noti ya chupa zilizopasuka inagusa stoo. Debit noti ya bei haigusi idadi, inagusa gharama tu.

Kwa nini usimwambie tu "andika dola 28"

Kwa sababu utapoteza gharama ya kila bidhaa, na gharama ndiyo inakupa bei ya kuuzia.

Chukua hotpoti. Ulikuwa unahesabu dola 3, yaani shilingi 7,500 kabla ya usafiri. Baada ya debit noti ni dola 3.20, yaani 8,000. Kama tayari umepost bei ya ofa kwa kuhesabu 7,500, kila hotpoti inakula shilingi 500 ya faida yako.

Chupa za chai zina jambo lake. Tuseme meli, ushuru na gari hadi Iringa viligharimu 600,000 kwa chupa zote 200, sawa na 3,000 kila moja. Ukijumlisha na 10,000 ya kununulia, chupa moja ilikuwa 13,000. Kredit noti imerudisha bei ya zile 12 tu, usafiri wake hakuna aliyerudisha. Ile 600,000 sasa inabebwa na chupa 188, kama 3,191 kila moja. Chupa nzima imekugharimu 13,191. Ndiyo maana ukiwa unabishana na saplaya kuhusu vilivyovunjika, omba na sehemu ya usafiri iandikwe kwenye kredit noti hiyohiyo. Anaweza kukataa, ila usipoomba hatakupa.

Oda ijayo ndiyo itakuonyesha

Miezi miwili baadaye invoisi mpya inakuja dola 600. Unatuma dola 572, kwa sababu 28 zako ziko kwake. Mhasibu ambaye hakuambiwa ataona invoisi 600, malipo 572, ataandika unadaiwa 28. Hapo mtumie risiti ya malipo na neno moja: "28 zimetoka kwenye kredit noti na debit noti za mzigo uliopita."

Kama dola imepanda, tuseme imefika 2,600, zile 28 zilizoandikwa kwa shilingi 70,000 sasa zinafuta deni la 72,800. Hiyo 2,800 ni tofauti ya kubadilisha fedha, ina mahali pake kwenye hesabu. Mpe mhasibu tarehe za karatasi zote na kiasi kwa dola, asilazimike kukisia.

Na hizo dola 48 siyo mauzo. Hakuna mteja aliyenunua kitu, kwa hiyo zisiingie kwenye mauzo ya mwezi wala usizitolee risiti ya EFD. Ni gharama ya manunuzi iliyopungua.

Ukihisi daftari limekosewa

Muombe saplaya akutumie Statement of Account, yaani orodha ya invoisi, malipo na noti zote. Linganisha salio lake na la mhasibu. Zikipishana, gawa tofauti kwa mbili. Kwenye mfano wetu, kredit noti ikiandikwa upande mbovu, daftari litasema unadaiwa 68 wakati ukweli ni kwamba una 28 kwake. Tofauti ni 96. Nusu yake ni 48, kiasi kilekile cha kredit noti. Ukipata nusu inayofanana na karatasi mojawapo, hiyo ndiyo iliyowekwa upande siyo wake. Tofauti ikiwa 48 kamili, basi karatasi haikuandikwa kabisa.

Debit noti ikija na namba mpya ya akaunti ya kulipia, usitume kitu kwanza. Mpigie saplaya kwa namba yake ya zamani uliyoizoea, akuthibitishie kwa sauti.

Karatasi zenyewe usifute. Ziweke kwenye folda moja na invoisi yake pamoja na nyaraka za forodha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zikae miaka 5, na picha za WhatsApp zinapotea siku simu inapoharibika. Printi, au zitume kwenye email yako mwenyewe kwa jina la namba ya invoisi.